Chila na feni paani, watu wamelala chini: springi au raba?

*Asalaam aleikum injinia. Nasimamia jengo la ghorofa saba huku Nyali, chini mkahawa na maduka, juu fleti. Tunabadilisha chila ya paani, mashine ya kupoza maji ya viyoyozi, na feni ya kutoa moshi wa jiko la mkahawa. Chila ni ya kompresa ya skrubu, kilo 3,200. Feni ni ya mkanda, kilo 420, mizunguko 720 kwa dakika, nayo itafungwa inverta ipunguze kasi usiku. Injinia wa muundo anasema chila ikikaa katikati ya slabu, paa litanepa milimita 3. Kontrakta anataka kuweka raba tu. Muuzaji mwingine ananipa springi za milimita 25, asema zinakata mtetemo asilimia 98. Bei zimepishana sana. Nichukue zipi, na nitajuaje kazi imefanywa sawa?*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Raba peke yake usikubali. Springi chukua, ila usichukue za namna moja kwa mashine zote mbili. Feni, hiyo ndogo, ndiyo inayotaka springi laini zaidi, zinazobonyea milimita 50. Chila yaweza kutosheka na zile za 25 za muuzaji wako, kwa sharti moja kuhusu mahali itakapokaa. Naona jambo hili limekaa kinyume, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Mtu akipanda paani jicho humwendea kwenye chila, maana ni kubwa na inanguruma. Springi haina habari na ukubwa wala ngurumo. Inachojua ni kasi. Mashine yoyote ukiiweka juu ya kitu kinachobonyea, inapata mdundo wake wa asili: ukiisukuma kwa bega na kuiachia, itapanda na kushuka kwa mwendo wake yenyewe, kama bembea za Idi pale Makadara ambazo kila moja ina mwendo wake hata ukiisukuma vipi. Mdundo huo unategemea jambo moja tu, yaani springi imebonyea kiasi gani mashine ilipoikalia. Hesabu yake ni fupi:

```
f = 15.8 / √d
```

Hapo *d* ni milimita ambazo springi imebonyea, na *f* ni mara ngapi kwa sekunde mashine itadunda, yaani Hz. Springi ya milimita 25 inakupa 3.2 Hz. Ya 50 inakupa 2.2 Hz.

Sasa linganisha na mtetemo wa mashine yenyewe. Feni yako ya mizunguko 720 kwa dakika ni mizunguko 12 kwa sekunde, 12 Hz. Gawa 12 kwa mdundo wa springi, jibu lizidishe kwa lenyewe, toa moja, kisha gawa moja kwa ulichopata. Hicho ndicho kiasi cha mtetemo kinachopita kwenda chini. Kwa springi ya 25 utapata takriban asilimia 7 na nusu. Kwa ya 50, asilimia 3 na nusu.

Ile asilimia 98 ya muuzaji nayo si uongo. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mota ya kawaida ya umeme wetu, mizunguko 1,450 kwa dakika, juu ya springi ya 25, utaona zinapita asilimia 2 tu. Katalogi imeandikwa kwa mashine hiyo, nayo imekaa juu ya sakafu ngumu kama mwamba. Feni yako inazunguka nusu ya kasi hiyo, na chini yake hakuna mwamba, kuna slabu ya mita kadhaa na dari ya mtu aliyelala. Kutoka asilimia 2 hadi 7 na nusu ni zaidi ya mara tatu ya mtetemo uliolipia usiufikie mto wa mpangaji.

Raba ya kontrakta tuipitishe kwenye hesabu hiyo hiyo. Vipande vya kawaida, unene wa sentimita moja hivi, vikikaliwa vizuri hubonyea kama milimita 2 na nusu. Fomula inasema 10 Hz. Lakini raba ina tabia moja ambayo springi ya chuma haina: ikitetemeshwa inakuwa ngumu kuliko ilivyo ikikaliwa tu. Kwa raba ngumu ya kazi hizi, mdundo wake halisi unapanda, hapo hufika 11 au 12 Hz. Na feni yako ni ngapi? Ni 12.

Hapo ndipo panapoharibika. Mdundo wa asili ukilingana na mwendo wa mashine, raba haikati kitu, inazidisha. Kila mzunguko wa feni unakuta mashine iko njiani kupanda na unaiongezea msukumo, kama mtu anayesukuma bembea kwa wakati wake hasa. Feni hiyo ingefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye saruji, bila raba wala chochote, wa ghorofa ya saba wangelala vizuri kuliko ikikalia raba hizo. Kontrakta akikuambia "angalau tuweke raba, si bora kuliko bure?", jibu lake ndilo hilo.

Sikatai raba kabisa. Raba ina kazi yake, na nitairudia tukifika kwenye kompresa.

Tuje kwenye inverta, maana watu wengi huiona kama dawa ya kelele na hapo ndipo wanapojitega. Slabu yako nayo ina mdundo wake. Paa la saruji la upana wa mita saba, nane, mara nyingi linadunda kati ya 6 na 10 Hz. Kuujua wa kwako ni kazi ya nusu saa: zima mashine zote, laza simu yenye programu ya kupima mtetemo juu ya sakafu ya paa, mtu asimame kwa vidole vya miguu katikati ya slabu kisha aangushe visigino kwa pamoja. Paa litatetemeka kidogo na kutulia, na simu itakuonyesha kilele. Rudia mara tano, usiamini moja. Tuseme umepata 8 Hz.

Usiku mkahawa umepoa, inverta inateremsha feni kutoka mizunguko 720 hadi 480 kwa dakika. Hiyo ni 8 Hz kamili. Hewa inavuma kidogo, jiko limetulia, sauti ya feni kwa masikio imepungua, na wakati huo huo maji kwenye gilasi ya mpangaji yanachora duara. Mchana feni ilikuwa na kelele zaidi na hakuna aliyelalamika. Usiku imenyamaza na simu zinaanza kulia. Meneja asiyejua haya atamwambia mpangaji kwamba ni mawazo yake.

Kwa kasi hiyo springi ya 25 inapitisha karibu asilimia 18 ya mtetemo, na inaupitisha kwa paa ambalo liko tayari kuupokea. Ya 50 inapitisha kama asilimia 8 na nusu. Ndiyo sababu nasema feni ichukue ya 50. Hata hivyo springi peke yake isiachiwe mzigo huo wote. Inverta karibu zote zina mahali pa kuweka kasi za kurukwa, ambapo mota haikai, inapita tu. Feni iko 12 Hz inverta ikitoa 50, kwa hiyo 8 Hz ya feni ni kama 33 kwenye kioo cha inverta. Mwambie fundi wa umeme azuie kuanzia 31 hadi 36. Ni dakika tano za kubonyeza vitufe, hazina gharama, na sijaona kazi hata moja ambapo zimeandikwa kwenye zabuni.

Feni ya mkanda ikikalia springi laini hivyo itayumba inapowashwa, na hewa inayosukumwa itairudisha nyuma kama mtu anayesukuma mlango. Kwa hiyo chini yake weka kitako cha fremu ya chuma iliyojazwa saruji, uzito wa karibu na feni yenyewe au kuzidi kidogo, tuseme kilo 450. Springi zitabeba feni na kitako, kilo 870 jumla, nazo zichaguliwe kwa uzito huo. Kitako hakipunguzi hesabu ya asilimia niliyokupa, kinatuliza mwendo tu, ili kiungo laini cha mfereji wa hewa kisichanike kila wiki. Kiungo chenyewe kiwe cha kitambaa kinachostahimili moto na mafuta, maana huo ni moshi wa jikoni. Turubai la kawaida usikubali hapo.

Chila sasa. Kompresa ya skrubu inazunguka karibu mara 2,950 kwa dakika, 49 Hz. Kwa springi ya 25 kinachopita hakifiki hata nusu ya asilimia moja. Feni zake za juu, zile za kupoza kondensa, tuseme ni za mizunguko 930: springi hiyo inapitisha kama asilimia 4, na feni hizo ni nyepesi. Kwa hiyo kwa upande wa kasi chila haina shida na springi ya muuzaji wako.

Shida ya chila ni uzito wake kwa paa. Hesabu yote niliyofanya inadhani kilicho chini ya springi hakisogei. Chukua ukanda wa raba, ufunge kwenye msumari wa ukutani, uvute: ukanda ndio unaonyooka wote. Sasa ufunge kwenye ukanda mwingine ulio laini kama wenyewe, uvute tena. Wote wawili wananyooka. Paa ndilo ukanda wa pili. Likiwa laini karibu sawa na kilicho juu yake, mtetemo wanagawana, na sehemu ya paa ndiyo inayoshuka chumbani.

Injinia wako wa muundo amekupa namba ya thamani kuliko katalogi zote: milimita 3. Raba inabonyea 2 na nusu, paa linanepa 3, kwa hiyo paa ni laini kuliko raba! Kanuni ninayofuata ni springi ibonyee mara kumi ya kile ambacho paa litanepa kwa ajili ya mashine ile. Mara nane nitakubali kwa shingo upande. Mara kumi ya 3 ni 30, na springi ya 25 haifiki, ni mara nane tu. Chila ikibaki katikati ya slabu, chukua ya 50.

Lakini kuna njia ninayoipenda zaidi, nayo ndiyo lile sharti. Usiiweke katikati ya slabu. Jengo lina nguzo, na vichwa vya nguzo vinafika paani. Inua vijiguzo vifupi vya saruji juu ya nguzo hizo, lalisha juu yake boriti nzito za chuma, na chila ikae kwenye boriti, imeacha nafasi ya kama nusu mita juu ya lami ya paa. Mzigo unashuka moja kwa moja kwenye nguzo. Kunepa chini ya springi sasa kunaweza kuwa milimita 1 tu, na hapo springi ya 25 inatimiza mara kumi bila wasiwasi. Mwambie injinia azichague boriti kwa kunepa, si kwa nguvu peke yake, kwani boriti inayobeba mzigo bila kuvunjika yaweza bado kunepa milimita nyingi, ukawa umehamisha ulaini kutoka kwa slabu kwenda kwa chuma. Faida ya pili utaiona mvua za masika zikija: fundi wa lami anaweza kutambaa chini ya chila na kuziba ufa bila kukodi kreni.

Ukiagiza springi, usimpe muuzaji uzito wa jumla akaugawa kwa sita. Chila huwa nzito upande wa kompresa. Kwenye mchoro wa mtengenezaji kuna jedwali la uzito wa kila mguu. Tumia ule wa mashine ikiwa na maji ndani, si ule wa kusafirishia. Tuseme jozi ya miguu upande wa kompresa ni kilo 700 kila mmoja, katikati 560, na mwisho 340. Ziweke zote juu ya springi ya kilo 600 inayobonyea 50: mguu mzito utazama 58, mwepesi 28. Chila itainama sentimita tatu, mafuta yatakimbilia upande mmoja, na fundi atakuja kuinyoosha kwa kukaza bolti mpaka springi nyepesi zisiwe springi tena. Agiza za 750, za 600 na za 350, zote zitakaa kati ya 47 na 49. Kila moja iwe na alama ya rangi, na mtu asiyekuwa kontrakta azihakiki kabla kreni haijainua kitu, kwa sababu mashine ikishakaa hakuna atakayekubali kuiinua tena.

Ziwe za ndani ya kasha lenye vizuizi. Hilo kwa sababu mbili. Maji yakitolewa kwa matengenezo chila inakuwa nyepesi, na springi zisizo na kizuizi zitaipandisha mpaka zivute mabomba. Pili ni kusi. Chila ni kama tanga, na Julai upepo paani Nyali si mchezo. Kizuizi kiwe na nafasi ya milimita 6 hivi kila upande, mashine isikiguse ikiwa kwenye kazi ya kawaida.

Chumvi ya bahari ndiyo itakayoamua springi zako zitaishi miaka mingapi. Kasha liwe limechovywa zinki ya moto, si kupakwa rangi ya fedha, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kutu ya chuma huvimba kuliko chuma kilichooza. Magamba yake huijaza ile nafasi ya milimita 6, kasha linashikana, na springi ndani bado nzima lakini imefungwa. Kwa macho hakuna kilichovunjika. Ongeza kunguru wetu wanaojenga kwa vipande vya waya popote penye kivuli, uone kwa nini nasema kila baada ya miezi sita mtu apige magoti na tochi.

Tumefika kwenye ile kazi ya raba. Skrubu ya kompresa ina meno. Ikiwa rota kuu ina matano, basi 49 mara tano ni 245 Hz, na huo ndio ule uimbaji mwembamba wa "mmmm" unaousikia ukiwa mbali na chila. Mtetemo wa kasi hiyo springi ya chuma haiuzuii vizuri. Unazunguka na koili kama sauti kwenye kengele mpaka chini. Kipande cha raba chini ya kila springi kinauvunja hapo. Kwa hiyo raba iwepo, chini ya springi, na bolti za kushikilia kasha ziwe na vikombe vya raba pia, la sivyo sauti itazunguka kipande na kupita kwenye bolti.

Uimbaji huo ulinisumbua miezi miwili kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Springi zilikuwa nzuri, nilizichagua mwenyewe. Chumba kimoja tu, upande wa ngazi, kilivuma. Wageni walikuwa wanahamishwa. Nilifika usiku na bisibisi ndefu, mpini sikioni na ncha ukutani, nikisogea hatua kwa hatua. Ukuta wa kitanda kimya. Ukuta wa bafu unaimba. Nilifungua kidirisha cha mabomba na kugusa bomba la maji baridi la inchi nne linaloshuka kutoka paani: linatetemeka kama paka aliyeshiba. Juu, pale lilipopita kwenye slabu, fundi alikuwa amelizungushia saruji kwa ustadi mkubwa, laini, hakuna hata ufa. Mashine ilikuwa inaelea juu ya springi huku mkono wake mmoja umeshikwa na jengo. Tuliichimba saruji ile tukaacha nafasi ya kidole kuzunguka bomba, tukaijaza sufi ya mawe na kuziba juu na chini kwa mastiki isiyokauka ikawa ngumu. Uimbaji ukafa jioni ile ile. Fundi wa saruji alinuna, na haki yake, kazi ilikuwa safi.

Kwa hiyo kwenye mradi wako kagua mabomba kwa ukali kuliko springi. Viungo vya raba kwenye mabomba ya chila viwepo, lakini usivitegemee kupita kiasi, kwa sababu maji yaliyo ndani yanabeba mapigo na kuyavusha ng'ambo ya kiungo. Mita 15 za mwanzo kutoka kwenye chila bomba likae juu ya springi zake lenyewe, na kubonyea kwa zile za karibu na mashine kusipungue kwa springi za chila. Waya wa umeme uingie kwa mfereji laini uliolegea wenye kitanzi. Bomba gumu la chuma la waya, hata moja la inchi mbili, laweza kuharibu kazi ya springi sita.

Kuna sauti ambayo springi haitaigusa hata ukinunua za dhahabu, nayo ni ile ya hewani. Feni za kondensa hupiga kelele juu, kelele inapita juu ya ukuta wa paa na kuingia madirishani, na Mombasa madirisha huwa wazi. Kuitambua ni rahisi: funga dirisha. Ikipungua sana, ilikuwa ya hewani. Isipobadilika, iko kwenye saruji, rudi kwenye springi na mabomba. Dawa ya hewani ni kuchagua chila yenye feni kubwa za polepole, kuvalisha kompresa blanketi lake, na kizuizi kinachomkinga mwenye dirisha asiione mashine. Tahadhari ni moja: ukiizungushia kuta karibu sana, hewa moto itarudi kwenye kondensa, na kwa joto la Februari chila itajizima kwa presha adhuhuri ya Ijumaa. Fuata nafasi za mtengenezaji.

Sheria utaulizwa. Kanuni za kelele na mtetemo za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, zinataka usiku ndani ya makazi isizidi 35 dB(A), kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kipimo hicho ni kikali, kitumie. Kile cha mtetemo, sentimita 0.5 kwa sekunde kwenye mpaka wa kiwanja, usikikubali kama kipimo cha starehe: ni milimita 5, na mtu aliye nyumbani kwake huanza kuhisi kwenye milimita 0.3 hivi. Kontrakta anaweza kukuletea karatasi safi ya kisheria na mpangaji asilale. Andika kwenye mkataba wako kipimo chako, chumbani, usiku.

Siku ya kupokea kazi, kwanza chila iwe na maji. Springi za kasha huja zimefungwa na vipande vya kuzuia ili mashine itue bila kuyumba. Baada ya maji kuingia, fundi hukaza bolti ya kurekebisha kidogo kidogo kwenye kila mguu mpaka mashine ielee, kisha anavitoa vile vipande. Hapo ndipo wanaposahau. Nimekuta vikiwa bado ndani baada ya miaka. Pitisha waya mwembamba kwenye kila kizuizi, upite bila kushika. Pima kwa rula urefu wa kila springi na uulinganishe na urefu wake ikiwa haijakaliwa. Tofauti ndiyo *d* yako, na ndiyo uliyolipia. Kisha sukuma kona ya chila kwa bega: isogee, irudi.

Feni iwashe kwa kasi kamili, halafu izime na usimame karibu nayo inapopoteza mwendo. Karibu na mwisho itatikisika mara moja kwa nguvu na kutulia, kwa sababu inapita kwenye mdundo wa springi zake. Hilo ni sawa. Lakini ikitikisa mapema, bado ina kasi kubwa, springi ni ngumu mno au kuna kitu kimeishika.

Mwishowe shuka ghorofa ya saba saa nane za usiku, mlango umefungwa, madirisha yamefungwa, mtu wako akae paani na simu. Awashe na kuzima moja baada ya nyingine: feni ya jiko kwa kasi ya usiku, kompresa peke yake, feni za kondensa. Lala kitandani, sikio kwenye mto. Fanya hivyo kabla hujalipa asilimia kumi ya mwisho.